Bamba lenye tundu, majibu mawili na kosa moja: kisa cha kitovu cha tungamo

Usuli

Kisa hiki kinahusu wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya zoezi la maabara la fizikia pamoja na mwalimu wao. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Vipimo vimeachwa vilivyo, kwa sababu humo ndimo somo lilimo.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza watafute kitovu cha tungamo cha chembe tatu. Kisha watafute kitovu cha bamba la alumini lililokatwa tundu la duara, wakihakikishe kwa timazi. Mwisho, wabandike kipande cha chuma kwenye bamba hilo ili likining'inizwa kwa uzi mmoja uliofungwa katikati ya mstatili, likae mlalo bila kuinama. Sehemu ya tatu iliongezwa kama kichokoo tu, na hakuna aliyetarajia kwamba ndiyo itakayofichua kosa lililokuwa limepita mbele ya macho ya watu watano.

Neno kitovu cha tungamo hapa lina maana ileile ya kitovu cha masi kinachotajwa katika vitabu vingine. Kwa kitu kidogo kilichopo duniani, ambako mvutano ni uleule kila upande wake, kitovu cha tungamo na kitovu cha uzito ni nukta moja. Ndiyo maana timazi, ambayo kwa kweli inatafuta kitovu cha uzito, inaweza kutumika kama shahidi.

Chembe tatu: sehemu iliyokwenda vizuri

Walipewa vipande vitatu vya chuma: gramu 200, gramu 300 na gramu 500. Viliwekwa kwenye karatasi ya grafu, cha kwanza kwenye nukta (0, 0), cha pili (40, 0) na cha tatu (10, 30), vipimo vyote vikiwa sentimita. Kila kipande kilichukuliwa kama chembe, yaani tungamo lake lote liko kwenye nukta moja.

Kanuni ni ya wastani wenye uzani. Unazidisha kila tungamo kwa umbali wake kutoka sifuri, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya tungamo zote. Kwa upande wa x:

```
x = (200×0 + 300×40 + 500×10) / 1000 = 17000 / 1000 = 17
y = (200×0 + 300×0 + 500×30) / 1000 = 15000 / 1000 = 15
```

Kitovu kikawa (17, 15). Mwalimu akawataka warudie hesabu wakihamisha sifuri hadi pale kilipokuwa kipande cha gramu 300. Sasa umbali wa vipande kwa x ukawa −40, 0 na −30. Jumla ya mazidisho ni −8000 kujumlisha −15000, yaani −23000, na ukigawa kwa 1000 unapata −23. Nukta iliyo sentimita 23 kushoto kwa 40 ni 17 ileile.

Zoezi hili dogo lilichukua dakika chache na kila mtu akaona ni jambo la wazi: sifuri unaiweka unapotaka, kitovu hakihami. Walikuwa na silaha yote waliyohitaji baadaye, ila hawakujua kwamba wameishika.

Bamba na tundu lake

Bamba lilikuwa la mstatili, urefu sentimita 40, upana sentimita 30, unene milimita 3 kila mahali. Kabla ya kukatwa lilipimwa kwenye mizani ikasoma gramu 970. Kwa hesabu ya densiti ya alumini, gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, lilipaswa kuwa gramu 972, kwa hiyo bamba lilikuwa sare vya kutosha.

Tundu lilikatwa kwa nusu kipenyo cha sentimita 7, kituo chake kikiwa sentimita 30 kutoka ukingo wa kushoto na sentimita 18 kutoka ukingo wa chini. Baada ya kukata, bamba likapimwa tena: gramu 846. Kilichoondoka ni gramu 124.

Hapa pana jambo dogo ambalo watu wengi hulipita. Duara lililotoka lilipowekwa kwenye mizani lilisoma gramu 121, si 124. Gramu 3 zilizobaki zilikuwa unga wa alumini sakafuni, kwa sababu meno ya msumeno nayo yana unene wake. Tungamo la tundu si tungamo la kipande kilichodondoka. Ni tofauti kati ya bamba kabla na bamba baada, na wanafunzi hawa walifanya vyema kutumia tofauti hiyo.

Kwa kuwa bamba ni sare, tungamo linakwenda sambamba na eneo, kwa hiyo unaweza kutumia maeneo moja kwa moja bila gramu. Eneo la mstatili ni 1200. Eneo la tundu ni π mara 49, yaani 153.9. Eneo linalobaki ni 1046.1. Uwiano wa 153.9 kwa 1200 ni 0.128, na wa gramu 124 kwa 970 ni 0.128 pia. Mizani na rula vilikubaliana.

Uamuzi wa kugawanyika

Mwalimu aliwagawa jozi mbili ili majibu yalinganishwe. Jozi ya kwanza ilichagua kuweka sifuri kwenye kona ya chini kushoto, kwa sababu vipimo vyote vinakuwa chanya na rula inaanzia hapo. Jozi ya pili iliweka sifuri katikati ya mstatili, kwa sababu kitovu cha bamba zima kinakuwa sifuri na hesabu inapungua nusu. Sababu zote mbili ni nzuri, na hakuna kosa katika uchaguzi wowote kati ya hiyo. Tutawaita jozi ya kona na jozi ya kati.

Wazo la jumla walilijua wote: bamba zima lichukuliwe kama chembe moja iliyopo katikati ya mstatili, tundu lichukuliwe kama chembe yenye tungamo hasi iliyopo kwenye kituo cha duara. Unatoa kilichokatwa.

Jozi ya kona iliandika hivi:

```
x = (1200×20 − 153.9×30) / 1200 = 19383 / 1200 = 16.15
y = (1200×15 − 153.9×18) / 1200 = 15230 / 1200 = 12.69
```

Jozi ya kati, ambako tundu lipo kwenye (10, 3), iliandika hivi:

```
x = (1200×0 − 153.9×10) / 1200 = −1.28
y = (1200×0 − 153.9×3) / 1200 = −0.38
```

Ukiligeuza jibu la jozi ya kati lisomeke kutoka kwenye kona, unapata (18.72, 14.62). Bamba moja, tundu moja, na vitovu viwili vilivyoachana kwa zaidi ya sentimita 3.

Timazi yatoa hukumu, na hukumu yapotosha

Kwa kuwa majibu hayakupatana, mwalimu aliona vema timazi iamue. Vitundu vitatu vya milimita 3 vilitobolewa karibu na kingo. Kila kimoja kinaondoa alumini isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo havibadilishi kitu. Bamba lilining'inizwa kwa msumari uliopitishwa katika kila kitundu kwa zamu, uzi wa timazi ukashushwa kutoka kwenye msumari huohuo, na mstari ukachorwa nyuma ya uzi.

Mistari mitatu haikukutana kwenye nukta moja. Haikutani hivyo karibu kamwe. Ilitengeneza pembetatu ndogo yenye upande wa kama milimita 3, na katikati yake palisoma (18.6, 14.6). Upana wa pembetatu hiyo ndio kipimo cha wasiwasi: msuguano wa msumari, unene wa uzi, unene wa penseli, na mkono uliolitikisa bamba kidogo wakati wa kuchora.

Jibu la jozi ya kati, (18.72, 14.62), lilikuwa umbali wa milimita 1 tu kutoka hapo, ndani ya pembetatu. Jibu la jozi ya kona lilikuwa nje kabisa. Uamuzi ukaandikwa daftarini: jozi ya kati wamepata, jozi ya kona warudie.

Jozi ya kona walirudia, mara tatu. Walikagua kuzidisha, wakapima upya tundu, wakakagua π. Hawakuona kosa, kwa sababu hesabu zao zote zilikuwa sahihi kwa kanuni waliyoiandika. Mmoja wao alimwambia mwalimu, "Mwalimu, sisi tumeandika kama wao, tofauti ni sifuri tu." Sentensi hiyo ilikuwa na ufumbuzi wote ndani yake, lakini ilisikika kama kisingizio na ikapitwa.

Washa kumi na mbili

Sehemu ya tatu ilifanywa kwa jibu lililokubaliwa. Uzi ulipitishwa kwenye kitundu cha milimita 2 kilichotobolewa katikati ya mstatili, yaani (20, 15), ukafungwa fundo kwa chini. Nukta hiyo haikuwa ndani ya tundu kubwa: iko sentimita 10.4 kutoka kituo cha tundu, na nusu kipenyo ni 7, kwa hiyo palibaki kama sentimita 3.4 za alumini.

Bamba lenye tundu lina kitovu upande wa kushoto kidogo, mbali na tundu. Ili kukirudisha katikati, unahitaji chuma upande wa tundu, kwenye mstari unaotoka katikati ya mstatili na kupitia kituo cha tundu. Mahali pa kawaida pangekuwa kwenye kituo cha tundu penyewe, lakini pale ni hewa. Wakachagua kuvuka tundu, kwenye nukta (38, 20.4), ambayo kutoka katikati ni 18 kwa x na 5.4 kwa y, uelekeo uleule wa 10 kwa 3.

Hesabu yao ilikuwa ya momenti kuzunguka katikati. Bamba la gramu 846 lenye kitovu kilichosogea 1.28 linatoa momenti ya gramu-sentimita 1085 kuelekea kushoto. Chuma kilicho umbali wa 18 kinahitaji kuwa gramu 1085 gawa kwa 18, yaani gramu 60.3. Washa walizokuwa nazo, yaani pete za chuma za kuwekwa chini ya nati, zilikuwa za gramu 5 kila moja. Wakabandika washa 12 chini ya bamba kwa gundi ya utepe na kuliachia.

Bamba liliinama sana, ukingo wa kushoto ukashuka. Wakadhani fundo limekamata, wakalifungua na kulifunga upya. Likainama vilevile, upande uleule.

Walipoongeza washa moja mwinamo ulipungua kidogo. Walipofikisha 14, gramu 70, likakaribia mlalo na kuzidi kidogo upande wa washa. Kusogeza rundo la washa milimita 2 kuelekea katikati kulimaliza kazi. Kwa hiyo chuma kilichohitajika kwenye umbali wa 18 kilikuwa karibu gramu 69.2, si 60.3.

Kosa laonekana

Wangeweza kuishia hapo. Bamba lilikuwa limekaa mlalo, na taarifa nyingi za maabara huandikwa "tofauti imetokana na makosa ya vipimo" kisha madaftari yakafungwa. Mwalimu aliuliza swali moja badala yake: gramu 9 katika 69 ni kosa la kipimo gani? Mizani ilikuwa ikisoma hadi gramu moja. Rula ilikuwa ikisoma hadi milimita moja kwenye umbali wa milimita 180. Hakuna kifaa mezani ambacho kingeweza kukosea kwa sehemu 13 katika 100.

Mwanafunzi wa jozi ya kona akagawa 60.3 kwa 69.2, akapata 0.871. Kisha akagawa 846 kwa 970, akapata 0.872. Ni bamba lililobaki kwa bamba zima. Hapo ndipo macho yalipoenda kwenye namba ya kugawia.

Jozi zote mbili ziligawa kwa 1200, eneo la mstatili mzima. Kitu ambacho kitovu chake kinatafutwa si mstatili mzima, ni kile kilichobaki, chenye eneo la 1046.1. Hesabu iliyosahihishwa:

```
kona:  x = 19383 / 1046.1 = 18.53     y = 15230 / 1046.1 = 14.56
kati:  x = −1539 / 1046.1 = −1.47     y = −461.7 / 1046.1 = −0.44
```

Ukitoa 1.47 kutoka 20 unapata 18.53, na ukitoa 0.44 kutoka 15 unapata 14.56. Majibu yamekuwa moja. Na momenti mpya, 846 mara 1.47, gawa kwa 18, inatoa gramu 69, karibu kabisa na zile washa zilizokuwa zimekwisha kubandikwa.

Uchambuzi: kwa nini kosa moja lilitoa sura mbili

Jambo la kuvutia katika kisa hiki si kwamba waligawa kwa namba isiyo yake. Hilo ni kosa la kila mwaka katika mada hii. La kuvutia ni kwamba kosa hilohilo lilimwadhibu mmoja na kumpongeza mwingine.

Kugawa kwa 1200 badala ya 1046.1 ni sawa na kuchukua jibu sahihi na kulizidisha kwa 0.872. Kila kipimo kinasinyaa kwa sehemu 12.8 katika 100 kuelekea pale ulipoweka sifuri. Jozi ya kona walikuwa wakisinyaza 18.53, kwa hiyo walipoteza sentimita 2.4. Jozi ya kati walikuwa wakisinyaza 1.47, kwa hiyo walipoteza milimita 1.9. Kosa kwa uwiano ni moja, lakini kwa milimita la pili ni dogo kuliko pembetatu ya timazi. Jozi ya kati hawakuwa wamepata. Sifuri yao ilikuwa karibu na jibu, basi.

Ndiyo sababu timazi haikuweza kuhukumu. Jibu la makosa (18.72, 14.62) na jibu sahihi (18.53, 14.56) yote mawili yako milimita 1 hivi kutoka nukta iliyopimwa. Kipimo chenye wasiwasi wa milimita 3 hakiwezi kuchagua kati ya majibu yaliyoachana kwa milimita 2. Kilichoweza kusema ni kimoja tu, kwamba jibu la jozi ya kona haliwezekani, na hilo kikalisema vizuri. Kosa la mwalimu, kama ni haki kuliita hivyo, lilikuwa kusoma "halipingwi" kama "limethibitishwa".

Uzi wa katikati ulikuwa kipimo kikali zaidi, na sababu yake inafaa kueleweka. Bamba linaponing'inia kwa nukta moja, linaacha kuinama pale kitovu kinapokuwa wima chini ya nukta hiyo. Uzi unapinda kwenye uso wa juu wa bamba, na kitovu, washa zikiwa zimebandikwa chini, kiko kama milimita 2 tu chini ya uso huo. Kitovu kikiwa kimekosa katikati kwa milimita 1.8, kama ilivyokuwa kwa washa 12, bamba linapaswa kuinama zaidi ya digrii 40 kabla ya kutulia. Umbali ambao penseli haiwezi kuuona unageuka kuwa mwinamo ambao mtu aliyesimama mlangoni anauona. Upande wa pili wa ukali huo ni usumbufu: uzi mgumu au fundo linalogusa ukingo wa kitundu linaweza kulishikilia bamba katika hali isiyo yake. Tumia uzi laini, na liguse bamba kidogo mara mbili tatu kuona kama linarudi palepale. Washa zikibandikwa juu badala ya chini, kitovu kinapanda kuelekea nukta ya kuning'inizia na bamba linakuwa jepesi zaidi kupinduka.

Kosa lilitoka wapi

Kwenye chembe tatu hakuna aliyekosea namba ya kugawia, kwa sababu jumla ilikuwa inajitokeza yenyewe: 200, 300 na 500 ni 1000. Kwenye bamba, chembe ni mbili, na moja ni hasi. Waliweka alama ya kutoa juu ya mstari wa mgawanyo na wakaisahau chini yake. Juu tundu lilikuwa tungamo hasi. Chini tundu halikuwepo kabisa.

Dawa yake ni jedwali, na si kanuni mpya. Andika safu ya tungamo pamoja na alama zake, safu ya mahali, na safu ya mazidisho. Kisha jumlisha safu ya kwanza na safu ya tatu, na ugawe ya tatu kwa ya kwanza. Hapa sifuri iko kwenye kona:

```
kitu        eneo      x      eneo × x
mstatili    1200      20      24000
tundu      −153.9     30      −4617
jumla      1046.1             19383
```

Namba ya kugawia haikuchaguliwa na mtu. Imetoka chini ya safu yake, na alama ya kutoa imeingia humo bila kukumbushwa.

Ukitaka kujua kwa nini tungamo hasi linaruhusiwa, anza na mstatili mzima na useme ni chembe mbili: bamba lililobaki na duara lililotoka. Kanuni ya chembe za kawaida, zote chanya, inasema 1200 mara 20 ni sawa na 1046.1 mara x kujumlisha 153.9 mara 30. Hamisha duara upande wa pili na utapata mstari wa jedwali. Hakuna kitu hasi katika maumbile hapa. Ni kuhamisha tu.

Kinga mbili ambazo zingelikamata mapema

Ya kwanza walikuwa nayo tangu zoezi la chembe tatu: hamisha sifuri uone kama kitovu kinabaki palepale. Majibu ya jozi mbili yalipoachana kwa sentimita 3, hesabu zote zikiwa zimekaguliwa, hitimisho lililopaswa kutolewa ni kwamba kanuni yenyewe ina ila. Kanuni sahihi ya kitovu haijali sifuri iko wapi. Iliyo mbovu hujali. Badala yake wakauliza nani kati ya wawili amekosea, swali ambalo tangu mwanzo lilidhani mmoja wao yuko sawa. Kumbuka tu kwamba kinga hii haikamati kila kosa: aliyechukua uwiano wa nusu kipenyo badala ya eneo, lakini akagawa vizuri, atapata jibu lilelile kwa kila sifuri, na litakuwa na makosa kila mara.

Ya pili ni kurudisha duara. Chukua jibu lako, liweke kama chembe ya gramu 846, ongeza chembe ya gramu 124 kwenye (30, 18), na utafute kitovu cha hizo mbili. Lazima upate katikati ya mstatili, (20, 15). Jibu sahihi linatoa 19.996 kwa x, na kilichopungua hapo ni kuzungusha desimali. Jibu la jozi ya kati linatoa 20.16. Mtu anaweza kusema 0.16 ni kidogo, lakini hapa hakuna uzi wala penseli. Ni hesabu tupu, na hesabu tupu haina pembetatu ya wasiwasi. Milimita 1.6 katika ukaguzi wa aina hii ni kosa, si ukadiriaji. Jibu la jozi ya kona linatoa 17.9, ambalo halihitaji maelezo.

Kinga hii ya pili inakamata pia kosa la nusu kipenyo, mradi eneo au gramu za tundu umezipata kwa njia nyingine, kwa mfano kwa mizani. Chukua duara la nusu kipenyo R lililokatwa tundu la nusu kipenyo R/2 linalogusa ukingo. Tundu ni robo ya eneo, linalobaki ni robo tatu, na kitovu kinasogea theluthi moja ya R/2, yaani R/6. Anayetumia uwiano wa nusu kipenyo anadhani tundu ni nusu ya bamba, na anakisogeza kitovu R/2 nzima, mara tatu ya ukweli. Mizani ingemwambia mara moja kwamba robo tatu ya uzito bado ipo mezani.

Mipaka ya njia hii

Kila kilichosemwa hapo juu kinategemea unene kuwa mmoja. Bamba lililopinda, lililoachiwa kingo za msumeno bila kupigwa tupa, au lililopakwa rangi nzito upande mmoja halina eneo linalowakilisha tungamo, na hapo ni gramu tu zinazofaa, si sentimita za mraba.

Halafu kuna hali ambayo wanafunzi hawa hawakuifikia kwa bahati. Kama kituo cha tundu hilohilo la sentimita 7 kingekuwa sentimita 3 tu kutoka katikati, kitovu kingesogea milimita 4.4 upande wa pili, na kingekuwa sentimita 3.4 kutoka kituo cha tundu: ndani ya tundu, hewani. Hesabu ingekuwa sahihi, mistari ya timazi ingekutana mahali pasipo na alumini ya kuchorwa, na ingebidi karatasi ibandikwe nyuma ya tundu ili penseli ipate pa kuandika.